Alama ya X, kibao cha namba na miezi sita: fidia ya ardhi inavyopatikana na inavyopotea

Asubuhi mthamini alipofika kwa shangazi yangu, mkoani Pwani, jambo la kwanza alilomwomba ni kusimama mbele ya nyumba yake akiwa ameshika kibao chenye namba. Shangazi alijifunga khanga vizuri, akakishika kibao usawa wa kifua, akapigwa picha. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo alikuwa akisema alijisikia kama mtu aliyekamatwa. Hakuna aliyemweleza kuwa picha ile ilikuwa kinga yake, kwa sababu inafunga pamoja sura yake, nyumba yake na namba ya faili, ili mtu mwingine asijitokeze baadaye akadai kuwa nyumba ni yake.

Mambo mengi ya utwaaji wa ardhi yako hivyo. Sheria ipo na hatua zipo, lakini mwenye ardhi hukutana nazo moja moja bila kujua ipi inafuata na ipi ina tarehe ya mwisho. Nitaeleza ya Tanzania, nikimfuata shangazi na faili lake. Tarakimu zake nimezisawazisha ili hesabu ifuatike kwa urahisi.

Swali la kwanza watu hujiuliza ni kama serikali inaweza kukunyang'anya ardhi kweli. Ibara ya 24 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na hifadhi ya mali yake, na inakataza mtu kunyang'anywa mali bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Sheria yenyewe ni ya zamani, Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967. Inampa Rais uwezo wa kutwaa ardhi yoyote ikihitajika kwa manufaa ya umma, kisha inataja manufaa hayo ni yapi. Orodha inaanza na yale ambayo kila mtu angeyategemea: matumizi ya serikali, barabara, viwanja vya ndege, bandari, huduma za jamii, upanuzi wa miji. Halafu inaendelea hadi maeneo ya viwanda na biashara, uchimbaji wa madini na mafuta, na hata ardhi ya kumpa mtu au kikundi ambacho Rais anaona kinafaa kupewa kwa ajili ya kilimo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo, inapozungumzia kuhamisha ardhi ya kijiji, inasema maslahi ya umma ni pamoja na uwekezaji wenye maslahi kwa taifa.

Ukisoma orodha hiyo kwa makini utaona kwa nini hapa kwetu ni nadra mtu kuzuia mradi kwa hoja kwamba hauna manufaa ya umma. Mlango ni mpana mno. Hoteli, shamba kubwa au kiwanda cha mtu binafsi vinaweza kupita humo kama vinavyopita zahanati na shule. Binafsi naona hilo ni kosa la sheria. Neno "umma" likibeba kila kitu, mwenye ardhi anabaki bila mahali pa kusimama isipokuwa kwenye bei. Ndiyo maana mgogoro wote huhamia kwenye fidia, na ndiko nitakakokaa zaidi.

Lakini kabla ya bei kuna mstari mmoja ambao watu wengi hugundua wakiwa wamechelewa. Fidia ya kutwaliwa ardhi hulipwa kwa mtu ambaye ardhi ilikuwa yake kihalali. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara, kwa macho ya sheria, hatwaliwi chochote. Anaondolewa mahali ambapo hakupaswa kuwepo. Kwa barabara kuu hifadhi ilikuwa mita 22.5 kutoka katikati ya barabara kila upande, na Sheria ya Barabara ya 2007 pamoja na kanuni zake ikaipeleka hadi mita 30. Waliokuwa kati ya mita 22.5 na 30 wakati mstari unasogezwa walikuwa hapo kihalali, kwa hiyo wanastahili kulipwa ardhi yao inapohitajika. Ndiyo sababu nyumba za barabarani huchorwa X za rangi mbili. Nyekundu maana yake ondoka bila malipo, kijani maana yake utalipwa siku eneo litakapohitajika. Nyumba mbili zilizotenganishwa na njia ya miguu zinaweza kuwa na rangi tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama familia itapata mamilioni au itapata notisi tu.

Mfano mchungu zaidi ni Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya. Pale hifadhi inayodaiwa ni mita 121.5 kila upande, kwa msingi wa sheria za barabara za tangu enzi za mkoloni. Mwaka 2017 nyumba zaidi ya elfu moja zilibomolewa bila fidia. Humo walikuwemo watu waliounganishiwa umeme na maji, waliokuwa wakitambuliwa na serikali za mitaa yao. Bili ya umeme haithibitishi kwamba ardhi ni yako, wala muhuri wa mwenyekiti wa mtaa hausogezi mstari wa hifadhi. Anayenunua kiwanja karibu na barabara anapaswa kwanza kwenda kwa wakala wa barabara kuuliza upana wa hifadhi mahali pale hasa, kwa sababu haufanani nchi nzima.

Shangazi alikuwa nje ya mstari. Kwake X ilikuwa ya kijani, kwa hiyo tuingie kwenye hesabu.

Kwa miongo mingi sheria ilishikilia kwamba ardhi tupu haina thamani na kinacholipwa ni maendelezo tu, yaani nyumba, miti, mazao, kisima. Sheria ya 1967 ilijengwa juu ya fikra hiyo. Mtikisiko ulikuja mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ilipoamua kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay. Baba na mwana hao walikuwa wamerudishiwa na mahakama ardhi yao ya asili waliyoipoteza wakati wa Operesheni Vijiji, kisha ikatungwa sheria mwaka 1992 ya kufuta haki za aina hiyo na kuzuia mahakama kuzigusa. Mahakama ya Rufani ilisema haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24. Ikaongeza kwamba hata pasipo na jengo wala mazao, mtu aliyeitolea ardhi jasho lake anastahili fidia ya haki. Miaka mitano baadaye Sheria ya Ardhi ya 1999 ikaandika miongoni mwa misingi yake kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa haraka. Kanuni za mwaka 2001 zikaeleza namna ya kuikokotoa, na Sheria ya Uthamini ya 2016 ikaongeza masharti yake.

Msingi ni bei ya soko. Kwa kiwanja cha shangazi mthamini alipaswa kutazama viwanja vya jirani vilivyouzwa karibuni vilikwenda kwa kiasi gani. Ikatoka shilingi milioni 17. Hapa pana udhaifu ambao kila aliyewahi kuuza ardhi anaujua. Hati nyingi za mauziano huandikwa bei ya chini kuliko iliyolipwa ili kupunguza kodi, na bei hizo ndizo zinazoonekana rasmi. Uongo wetu wa jana unakuwa kipimo chetu cha leo. Anayetaka kuupinga ushahidi huo anahitaji mikataba halisi ya majirani, na majirani huwa wazito kuitoa.

Nyumba ina hesabu nyingine. Ni vigumu kupata nyumba inayofanana nayo iliyouzwa mtaani, kwa hiyo wathamini hukadiria gharama ya kuijenga upya, kisha hukata uchakavu. Nyumba ya shangazi ya vyumba vitatu na sebule ilikadiriwa milioni 40 ikijengwa leo. Ikakatwa asilimia 30 ya uchakavu, ikabaki milioni 28. Alipoona tarakimu hiyo aliuliza swali ambalo sijawahi kupata jibu zuri la kumpa: fundi gani atanijengea kwa bei iliyokatwa uchakavu? Saruji dukani haina bei ya mitumba. Mradi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia hulazimika kufuata kiwango cha gharama kamili ya kujenga upya bila kukata uchakavu. Hivyo hutokea kaya mbili zenye nyumba zinazofanana, katika wilaya moja, zikapata pesa tofauti kwa sababu tu miradi iliyozihamisha ina wafadhili tofauti.

Mazao na miti huhesabiwa kwa shina, kwa viwango vinavyotolewa na ofisi ya Mthamini Mkuu wa Serikali, na hatua ya ukuaji ina uzito mkubwa. Mche haulipwi sawa na mti unaozaa. Hapa ndipo shangazi alipojiokoa mwenyewe. Jioni ya kuamkia uthamini alizunguka shamba lake na mjukuu wake, wakaandika kila mti kwenye daftari la shule: minazi 14 yote inazaa, miembe minne, michungwa sita. Kesho yake fomu ya mthamini ilionyesha minazi 14, lakini mitano ilikuwa imeandikwa kuwa haijaanza kuzaa. Shangazi alimshika kijana yule mkono, akampeleka mti kwa mti akimwonyesha madafu juu. Fomu ikasahihishwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ndipo akatia sahihi. Jumla ya mazao ikawa milioni 3.

Fomu ile ya uwandani haikuwa na fedha ndani yake, na watu wengi huisaini haraka kwa sababu hiyo hiyo, wakingoja kugombania bei baadaye. Lakini bei ya baadaye hukokotolewa kutokana na fomu hiyo. Choo ambacho hakikuandikwa hakitalipwa, ukuta ambao haukupimwa hautaonekana. Makaburi nayo hushughulikiwa kwa sheria yake ya mwaka 1969, ambayo hulipia gharama za kuhamisha mabaki na kuyazika kwingine. Kwa hiyo yasipoorodheshwa siku ile familia itahangaika nayo sana. Shangazi ana kaburi la mume wake pale uwanjani, na mthamini aliliandika baada ya kuonyeshwa, kwa maana lilikuwa limefunikwa na majani.

Ukijumlisha ardhi, nyumba na mazao unapata milioni 48. Juu yake huja posho. Posho ya usumbufu hupatikana kwa kuzidisha thamani hiyo na wastani wa riba ambayo mabenki ya biashara hutoa kwa amana ya miezi 12. Tukichukua asilimia 8, ni shilingi 3,840,000. Posho ya makazi ni kodi ya mwezi ya nyumba inayolingana, mara miezi 36. Kwa kodi ya 150,000 ni milioni 5.4. Posho ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, kwake ikawa 360,000. Jumla kuu ikafika milioni 57.6.

Kuna posho moja hakuipata. Kanuni zinalipa hasara ya faida ya biashara kwa miezi 36, lakini faida hiyo ithibitishwe kwa hesabu zilizokaguliwa. Shangazi amekaanga maandazi mbele ya nyumba ile kwa miaka 19, na kutokana na karai lile amesomesha watoto watatu. Hana hesabu zilizokaguliwa. Hakuna mama lishe mwenye hesabu zilizokaguliwa. Kwenye safu ya biashara paliandikwa sifuri, ingawa wateja wake hawakumfuata kijiji cha pili alikohamia, na karai lake hadi leo limening'inia ukutani. Katika kanuni zote, hii ndiyo ninayoiona ina ukatili mkubwa zaidi, kwa kuwa inamwadhibu mtu kwa kutokuwa na karatasi ambayo hakuna aliyewahi kumtaka awe nayo.

Baada ya uthamini huja kimya, na kimya ndicho kinachokula fidia ya watu wengi.

Uthamini ukianza, ardhi hugandishwa. Chochote utakachojenga au kupanda baada ya tarehe hiyo hakitalipwa. Sababu yake inaeleweka, kwa kuwa bila sharti hilo watu wangepanda migomba usiku kucha. Lakini ni nani atapaka rangi au kubadilisha bati kwenye nyumba inayosubiri kubomolewa? Mvua za masika zikapita, paa la shangazi likavuja, naye akaweka ndoo.

Sheria ya Uthamini ya 2016 iliweka tarehe tatu za kushika. Fidia inatakiwa kulipwa mara baada ya Mthamini Mkuu kuidhinisha taarifa ya uthamini. Ikipita miezi sita bila malipo, deni linaanza kuzaa riba kwa kiwango kile kile cha amana za mabenki hadi lilipwe lote. Na ikipita miaka miwili tangu kuidhinishwa, taarifa imekufa, na mali lazima ithaminiwe upya kwa bei za wakati huo. Kikomo hicho kina historia nyuma yake. Wakazi wa Kipawa, jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, walithaminiwa mwaka 1997 na wakakaa zaidi ya miaka kumi wakisubiri, wakati bei za viwanja jijini zikipanda mwaka hadi mwaka.

Tarehe inayohesabiwa ni ya kuidhinishwa na Mthamini Mkuu, nayo mara nyingi huja miezi baada ya siku ya kibao. Wengi wanaanza kuhesabu tangu siku ya picha, halafu wakienda kudai wanaambiwa muda bado. Kwa hiyo swali la kupeleka kwa maandishi ofisini ni hilo moja: taarifa yetu iliidhinishwa tarehe ngapi?

Pia sheria yetu ya 1967 haisemi serikali ilipe kwanza ndipo iingie. Notisi ikishatolewa, na muda wake wa wiki sita au zaidi ukapita, eneo linaweza kuchukuliwa hata kama hundi haijatoka, na Rais akiona ni jambo la dharura muda huo unaweza kufupishwa. Uganda wako tofauti. Katiba yao inataka malipo yatangulie, na mwaka 2015 Mahakama yao ya Juu, katika kesi ya Irumba Asumani na Peter Magelah dhidi ya mamlaka ya barabara, ilibatilisha kifungu cha sheria yao ya utwaaji kwa kiasi kilichoruhusu kuingia kabla ya kulipa. Serikali yao ilijaribu mwaka 2017 kubadilisha Katiba ili iweze kuingia huku mgogoro wa bei ukiendelea, na jaribio hilo likakwama. Laiti sharti kama hilo lingekuwepo kwetu, mradi ndio ungesubiri fedha. Sasa anayesubiri ni mwenye nyumba.

Asiyekubaliana na kiasi ana njia, japo ni nyembamba. Sheria inatoa wiki sita tangu notisi kutangazwa kwa pande mbili kuelewana, na wasipoelewana shauri huenda Mahakama Kuu. Kuishitaki serikali kunahitaji kwanza notisi ya siku 90. Mahakamani, kusema "pesa ni ndogo" hakutoshi. Unatakiwa uende na taarifa ya mthamini wako mwenyewe aliyesajiliwa, yenye ushahidi wa mauzo unaopingana na ule wa serikali, na mthamini huyo analipwa na wewe. Kwa kaya moja yenye tofauti ya milioni mbili gharama hiyo haina maana. Kwa kaya 40 zikichangishana kumlipa mmoja, hesabu inabadilika. Wale niliowaona wakifanikiwa kuongezewa walikwenda kwa kundi, tena wakiwa na kosa mahususi la kuonyesha, kama ukubwa wa kiwanja uliopimwa vibaya, kodi ya nyumba iliyokadiriwa chini ya ile inayolipwa mtaani, au viwango vya mazao vya mwaka uliopita.

Jambo jingine ni kwamba kupokea hundi hakukuondolei haki ya riba, kwa kuwa riba inatokana na kuchelewa. Haitokani na makubaliano yenu juu ya bei. Lakini ni vizuri uandike unapopokea kwamba riba bado unaidai, kabla hujasaini fomu yenye maneno kama "malipo kamili na ya mwisho".

Shangazi alilipwa mwezi wa 21 tangu taarifa kuidhinishwa, miezi mitatu kabla ya taarifa kufa. Ukiondoa miezi sita ya mwanzo, kuchelewa ni miezi 15. Asilimia 8 kwa mwaka juu ya milioni 57.6, kwa miezi 15, ni shilingi 5,760,000. Hundi ilikuwa ya milioni 57.6 kamili, na kwenye jedwali la malipo safu ya riba haikuwepo. Aliisaini akaandika kwa mkono, "nimepokea bila riba". Wiki iliyofuata alipeleka barua ya kuidai. Nakala yake yenye muhuri wa kupokelewa ameiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na daftari la minazi na ile picha ya kibao, na kila mwanzo wa mwezi hupanda daladala kwenda kuuliza imefikia wapi.